Kazi mbili zikikuita mara moja: namna ya kuzipima na kuongea na kila upande bila kuharibu jina lako

Salamabila ni mji wa kazi za kuja na kwenda. Leo sosiete inatafuta mafundi kwa ajili ya Namoya, kesho shirika moja linatafuta dereva wa kwenda Kasongo, na kila siku kuna wenye mashine kwenye karière wanaotafuta mutu wa kuzitengeneza. Kwa hiyo inatokea fundi, muuguzi, dereva ao karani anapata ofa mbili ao tatu ndani ya juma moja, kisha hajui afanye nini nazo.

Wengi wanafanya moja ya mambo mawili. Wa kwanza anaangalia namba kubwa na kukimbilia pale. Wa pili anaenda kwa kila shefu na kusema uongo: "Wale wengine wananipa dola mia saba." Yule wa kwanza anajikuta mwisho wa mwezi amebaki na pesa kidogo kuliko mwenzake aliyechukua namba ndogo. Yule wa pili anagunduliwa, sababu hapa watu wa personeli na walojistike wanajuana. Wanakutana kwenye mikutano, na wengi wao walishafanya kazi pamoja zamani.

Kuna njia ya tatu. Mutu anaweza kutumia ofa moja kuomba nyingine iongezwe, na akabaki mutu mwaminifu mbele ya wote. Lakini inafaa kwanza ajue kuhesabu.

Mfano wa fundi wa grupu

Tuchukue mfano wa fundi wa grupu za mazutu, mwenye miaka mitano ya kazi, bibi na watoto watatu, nyumba yake iko Salamabila. Namba zote za mfano huu ni za kufundishia tu, si mishahara ya mahali fulani.

Ofa ya kwanza inatoka kwa sosiete ndogo inayofanya kazi chini ya sosiete kubwa ya mgodi, yaani sutretansi. Inatoa dola 550 kwa mwezi, kontra ya miezi 6, chakula na kitanda kwenye kambi. Ofa ya pili inatoka kwa ONG: dola 480, kontra ya mwaka moja, kazi inafanyikia Kasongo. Ofa ya tatu ni ya mfanyabiashara mwenye kompresa na mashine za kusaga mawe: dola 30 kwa kila siku ya kazi, bila karatasi yoyote.

Ukisikia haraka, 550 inashinda 480. Na dola 30 kwa siku, mutu akizidisha mara siku 26, anapata 780 na moyo unaruka. Hapa ndipo watu wanapoanguka.

Swali la kwanza: bruti ao neti?

Mshahara una namba mbili. Bruti ni ile iliyoandikwa juu kabla ya kukatwa kitu. Neti ni ile inayoingia mkononi. Kati ya hizo mbili kuna mchango wa CNSS, ambao upande wa mfanyakazi ni asilimia 5, na kuna kodi ya mshahara. Kodi hiyo inategemea ukubwa wa mshahara na idadi ya watu anaowalisha mfanyakazi. Ndiyo sababu inafaa kutangaza bibi na watoto kwenye fishi ya personeli tangu mwanzo.

Fundi wetu anauliza sosiete ya sutretansi: "Hii 550 ni bruti ao neti?" Wanamujibu ni bruti. CNSS inaondoa dola 27 na nusu. Tuseme kodi inaondoa 72 na nusu. Inabaki 450. Kwa ONG anauliza swali lile lile, wanamujibu 480 ni neti. Basi namba iliyoonekana ndogo ndiyo kubwa, na fundi hajafanya kitu kingine zaidi ya kuuliza.

Neno hili litarudi baadaye. Fundi akienda kwa ONG na kusema "wenzenu wananipa 550," namba ni ya kweli, lakini anasema uongo. Analinganisha bruti ya wale na neti ya hawa. Shefu wa personeli mwenye uzoefu atamuuliza mara moja, na pale uaminifu utavunjika.

Swali la pili: kinabaki nini nyumbani?

Sasa atoe gharama ambazo kazi yenyewe inamuletea. Kwenye kambi ya mgodi anakula na kulala bure, na nyumba yake iko karibu. Gharama mpya ni kama hakuna. Zinabaki 450.

Kule Kasongo atapanga chumba, tuseme dola 40. Atakula kwa mfuko wake, 90. Mara moja kwa mwezi atapanda pikipiki kuja kuona watoto na kurudi, 50. Jumla 180. Ukitoa 180 kwenye 480 zinabaki 300. Ile iliyokuwa juu imeshuka tena.

Kwa mfanyabiashara, namba ya kuuliza si bei ya siku. Ni siku ngapi kwa mwezi. Fundi anaenda kwa mwenzake aliyefanya kazi pale na kumuuliza: "Yaya, miezi mitatu iliyopita ulifanya siku ngapi kweli?" Jibu: siku 12, sababu mashine zikikosa mazutu zinalala, na mvua ikinyesha sana karière inasimama. Dola 30 mara 12 ni 360. Hakuna CNSS, na akivunjika mkono anajitibisha.

Kuna kitu kimoja hapa ambacho watu wa kazi za siku hawakijui. Sheria ya kazi ya Congo, ile ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 iliyorekebishwa mwezi wa 7 mwaka 2016, inasema mutu wa kazi ya siku kwa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kuisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Kwa hiyo mwenye kazi ya siku aandike tarehe zake kwenye kadaftari.

Swali la tatu: kwa muda gani, na ikisimama je?

Zidisha kwa miezi. Mgodi: 450 mara 6 ni 2.700, kisha haijulikani. ONG: 300 mara 12 ni 3.600. Kwa mwezi mgodi unashinda, kwa mwaka ONG inashinda, isipokuwa kama kontra ya mgodi itarudiwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu wa sutretansi ni hili: "Kontra yenu na sosiete kubwa inaisha lini?" Kama ile ya kwao inaisha baada ya miezi 6, hawawezi kumuahidi mfanyakazi miezi 12, hata wakiwa watu wazuri namna gani.

Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa kwamba mgodi unaweza kusimama. Mwezi wa 9 mwaka 2019 Banro ilisimamisha kazi Namoya kwa sababu ya usalama, na familia nyingi zilibaki zikingojea. ONG nayo inaweza kusimama, sababu kazi yake inafuata mradi na mfadhili. Mradi ukiisha, kazi inaisha. Pande zote mbili ziulizwe, na jibu liandikwe pembeni ya hesabu.

Angalia pia muda wa ese, yaani kujaribiwa. Sheria inataka ese iandikwe kwenye kontra, na isipite miezi 6, ao mwezi moja kwa mfanyakazi asiye na ufundi. Kontra ya miezi 6 yenye ese ya miezi 3 maana yake nusu ya kontra mutu anaweza kuachishwa na preavi fupi sana.

Na ofa ikija na mutu anayesema "utanipatia kidogo kila mwezi," ile ambayo watu wanaita operesheni retur, usiiweke kwenye hesabu. Mutu anayeuza kazi ya sosiete atauza pia nafasi yako siku atakayopata anayetoa zaidi.

Nani anaweza kuongeza, na anaweza kuongeza nini?

Watu wengi wanaomba kitu ambacho anayeombwa hana uwezo nacho. Hapo mazungumzo yanakufa, na kila mmoja anabaki na uchungu.

Ndani ya ONG mshahara wa chini wa kila kazi umeandikwa kwenye grili. Shefu wa personeli wa Kasongo hawezi kuigusa, na akimuongezea mmoja, wengine wote watalia. Lakini kuna vitu anavyoweza kugusa. Kwanza ni eshelon, yaani ngazi ndani ya grili ile ile, ambayo inafuata miaka ya uzoefu inayothibitishwa na karatasi. Kisha kuna mahali pa kulala, safari na gari la shirika, na siku ya kuanza. Fundi mwenye miaka mitano bila karatasi anawekwa kama mgeni wa kazi. Ndiyo sababu sheria inamulazimisha mwajiri kutoa sertifika kila kontra ikiisha. Ukitoka mahali, usitoke bila hiyo.

Sosiete ya sutretansi haina grili ngumu hivyo. Shefu anaweza kuongeza dola, lakini mfuko wake una mwisho, sababu sosiete kubwa inamulipa bei iliyokubaliwa kwa kila mfanyakazi. Kwake ni rahisi zaidi kutoa primu ya usiku, nguo na viatu vya kazi, ao ese fupi. Mfanyabiashara wa mashine ana kitu kimoja tu mkononi: bei ya siku, na pengine ahadi ya siku za chini kwa mwezi.

Fundi wetu akipima yote anaona hivi: anataka ONG, juu ya mwaka moja na CNSS, lakini dola 300 hazitoshi watoto. Kwa hiyo ni ONG ndiyo atakayoiomba. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kutumia ofa moja mbele ya nyingine: omba tu kwa yule ambaye, akikubali, nawe utakubali kweli. Kumuhangaisha mutu apigane kwa ajili yako kwenye ofisi ya Bukavu ao Goma, kisha ukakataa, ni kumuabisha mbele ya wakubwa wake. Hatakusahau.

Maneno yenyewe

Anaenda mwenyewe ofisini, ao anapiga simu na kuuliza kama ni saa nzuri. Haanzi na pesa. Anaweza kusema namna hii:

"Papa, nawashukuru kwa ofa yenu, na kazi hii ninaitaka. Nataka niwaambie ukweli. Nina ofa nyingine hapa Salamabila. Neti yake ni 450, lakini ninakula na kulala pale pale. Ya kwenu ni 480, nikitoa chumba, chakula na safari zinabaki 300. Najua grili haiguswi. Ninaomba muangalie eshelon yangu, hizi ni sertifika mbili za miaka mitano, na kama kuna nafasi ya kulala kwenye bazi na safari moja kwa mwezi ndani ya gari. Mukiweza hivyo, ninasinye. Wale wengine wanangojea jibu langu siku ya tano."

Tuangalie kilichomo. Namba ni za kweli, na zote ni neti. Hesabu imeonyeshwa wazi, kwa hiyo aliyeombwa anaona kwamba haombwi kwa tamaa. Ombi linahusu vitu anavyoweza kugusa. Kuna ahadi moja: mukiweza, ninasinye. Na siku iliyotajwa ni siku ya kweli, hakuiweka ili kumutisha mutu.

Kilichoachwa nje kina maana pia. Hakutaja jina la sosiete nyingine. Hakuonyesha kontra yake wala kuipiga picha na kuituma kwenye WhatsApp. Karatasi ile ina siri za bei ya wale, na anayeona leo unatoa siri za wengine anajua kesho utatoa zake. Akiulizwa jina, anaweza kujibu kwa upole: "Papa, naomba nisilitaje, kama vile nisivyolitaja lenu kwao."

Saa na siku

Jambo linaloharibu mara nyingi si pesa, ni siku. Sutretansi inataka jibu haraka, ONG inachelewa sababu karatasi inapita kwa wakubwa watatu. Fundi anajaribiwa kusinye kule mgodini ili asikose, kisha aendelee kuongea na ONG. Hapo amevuka mpaka. Kabla ya kusinye, ofa ni kitu cha kuongea. Baada ya kusinye, ni neno lako.

Kuna pia hasara ya sheria. Kwa kontra isiyo na mwisho, mwajiri anapashwa kutoa preavi ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka uliotimia. Mfanyakazi anayeondoka anatoa nusu yake. Lakini kontra ya muda uliowekwa, kama hii ya miezi 6, haivunjwi hivyo. Anayeivunja bila sababu nzito anaweza kudaiwa fidia.

Kwa hiyo ni bora kuomba siku kuliko kusinye kwa woga. "Papa, naomba mpaka siku ya tano saa nne, nitawapa jibu, iwe ndiyo ao hapana." Ukishasema siku ya tano saa nne, piga simu siku ya tano saa nne, hata kama jibu la upande wa pili halijafika. Wakikataa kungoja, hapo unachagua kwa hesabu uliyonayo. Na kama una kazi nyingine ya sasa, usiiache kwa sababu ya neno la simu. Ngojea kontra.

Jibu likirudi

Tuseme ONG inajibu: grili inabaki, lakini kwa sertifika mbili wanamupandisha eshelon, mshahara unakuwa 510 neti. Kwenye bazi kuna chumba, na gari la Salamabila linaweza kumubeba mara moja kwa mwezi. Hesabu mpya: 510 toa 90 ya chakula, zinabaki 420. Mara 12 ni 5.040. Kumbuka ilikuwa 3.600. Sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka kwenye chumba na safari, vitu ambavyo shirika lilikuwa navyo tayari. Mshahara wenyewe uliongeza dola 30 tu.

Sasa anasinye. Harudi kwa sutretansi kusema "wamenifikisha hapa, nanyi mnasema nini?" Akifanya hivyo amegeuza mazungumzo kuwa mnada, na amevunja ahadi yake ya "mukiweza, ninasinye." Raundi moja inatosha.

Kabla ya kusinye anaangalia kama yote yameandikwa: eshelon, chumba, safari, muda wa ese, namna ya kutibisha familia, na mahali alipoajiriwa. Aandikwe ameajiriwa Salamabila, si Kasongo, sababu haki za safari zinahesabiwa kutoka pale. Kitu cha mdomo kinaondoka na shefu aliyekisema. Aulize pia kama kontra itapelekwa ONEM kupata viza, kama sheria inavyotaka.

Na kama ONG ingejibu hapana kwa yote? Anashukuru, anachukua moja ao nyingine kwa namba zilizopo, na hasemi neno baya. Aliyeombwa vizuri akakosa uwezo anabaki rafiki. Mradi mwingine ukija, wenye kuombwa maoni ni hao hao.

Kinabaki kitu cha mwisho, ambacho wengi wanakiruka: kumwambia aliyekosa. Siku ile ile, kwa simu ao kwa mguu, si kwa kunyamaza. "Papa, nimechukua kazi nyingine. Nawashukuru kwa kuniamini, na nimewaambia mapema ili mutafute mwingine." Hakuna haja ya kutaja pesa za wale wengine. Akiulizwa kama anamjua fundi mwingine mzuri, ataje anayemjua kweli. Miezi 6 ikipita, shefu yule wa sutretansi anaweza kuwa ndiye shefu wa personeli mahali pengine, na faili ya fundi huyu ikifika mezani kwake, atamukumbuka kama mutu aliyepiga simu siku ya tano saa nne.